Uso Umeng'aa, Shingo Imebaki

Mpiga picha wa sendofu jijini Dar es Salaam hurudi nyumbani usiku wa manane na mamia ya picha kwenye kamera, na kabla hakujapambazuka vizuri familia inaulizia angalau kumi za kuweka kwenye kundi la WhatsApp. Kwa haraka hiyo anaipitisha kila picha kwenye programu ya simu ya kulainisha sura, anavuta kitelezi cha kung'arisha ngozi hadi anaporidhika, kisha anatuma. Jibu la kwanza kutoka kwa mama wa bibi harusi huwa ni la kweli kuliko anavyotaka kulisikia: "Mwanangu, uso umependeza, lakini hii shingo ya nani?"

Ukiitazama picha kwa makini, mama hajakosea. Uso ni wa kahawia laini iliyopauka kidogo. Chini ya taya pana mstari, na baada ya mstari huo inaanza ngozi nyingine iliyokolea, yenye wekundu na umanjano zaidi, inayoshuka hadi kifuani penye mkufu. Masikio nayo yamebaki na rangi ya shingo, hivyo uso unaonekana kama umebandikwa juu ya kichwa cha mtu mwingine.

Chanzo si kigumu kukielewa. Programu hizi hutafuta macho, pua, mdomo na mstari wa taya, kisha huchora mipaka ya uso kutokana na alama hizo. Marekebisho yote humwagwa ndani ya mipaka hiyo. Shingo na kifua havina alama ambazo programu imefundishwa kuzitafuta, kwa hiyo haviguswi. Na kwa watu wenye ngozi nyeusi tatizo hujitokeza mapema zaidi, kwa sababu vitelezi vingi vya kung'arisha haviongezi mwanga tu. Vinapunguza pia ukolevu wa rangi. Uso unakuwa mweupe zaidi na wakati huohuo unakuwa na rangi hafifu zaidi. Shingo imeachwa nyuma mara mbili.

Anayejaribu kurekebisha huanza karibu kila mara kwa njia moja: anachukua rangi ya shavu na kuifanya shingo ifanane nayo. Hapo ndipo anapoharibu zaidi. Shingo ya binadamu haipaswi kufanana na uso kwenye picha. Taa nyingi, ziwe za ukumbini au jua lenyewe, hutoka juu, na kidevu hutupa kivuli chake shingoni. Hata kwa mtu ambaye ngozi yake ni ya rangi moja kuanzia utosini hadi miguuni, kamera itaiona shingo ikiwa nyeusi kuliko shavu. Jicho letu limezoea hivyo tangu utotoni. Ukiifanya shingo iwe sawa kabisa na shavu, kidevu kinapoteza umbo, taya inayeyuka, na mtazamaji anahisi kuna kosa hata asipoweza kulitaja.

Kazi halisi, basi, ni kuipa shingo mabadiliko yaleyale ambayo uso ulipewa. Kama uso umepanda hatua fulani, shingo nayo ipande hatua hiyo, na tofauti iliyokuwepo kati yao tangu mwanzo ibaki palepale. Ndiyo maana kitu cha thamani kuliko vyote katika kazi hii ni picha ya awali, ile iliyotoka kwenye kamera kabla ya kuguswa. Usiifute kamwe.

Kabla ya kupima chochote, uliza kwanza kama uso ulihaririwa kwenye leya yake yenyewe. Kama faili bado lina leya ya marekebisho yenye maski, yaani ile picha ya nyeusi na nyeupe inayosema marekebisho yapite wapi na yazuiwe wapi, kazi ni ya dakika chache: chukua brashi laini, weka rangi nyeupe, na paka maski hiyo kushuka shingoni, kifuani, masikioni na mikononi. Marekebisho yatafuata brashi. Lakini mara nyingi kinachofika mezani ni JPEG iliyotoka kwenye simu, kila kitu kimeshaungana, na hakuna leya ya kupanua. Hapo inabidi tupime.

Tuchukue picha moja ya bibi harusi aliyekaa, taa ikiwa juu upande wake wa kushoto, gauni la rangi ya machungwa, mkufu wa dhahabu. Kwenye Photoshop, fungua picha ya awali na ile iliyohaririwa, kisha uiweke ya pili juu ya ya kwanza kama leya mbili zilizolala sawasawa. Chukua kifaa kinachoitwa Color Sampler Tool na kwenye Sample Size chagua 11 by 11 Average. Usipime pikseli moja peke yake, kwa sababu ngozi ina vinyweleo, vijidoa na chembechembe za picha, na pikseli moja inaweza kukudanganya. Weka alama moja kwenye shavu penye mwanga wa kawaida. Epuka paji la uso linalong'aa, na epuka pale palipopakwa rangi ya mashavu. Weka alama ya pili upande wa uso ulio kivulini, karibu na taya lakini bado ndani ya eneo lililohaririwa. Ya tatu iweke ubavuni mwa shingo.

Sasa fungua Info usome namba. Kila rangi kwenye skrini ni mchanganyiko wa nyekundu, kijani na buluu, kila moja ikiwa na namba kuanzia 0 hadi 255. Kwenye ngozi ya mtu yeyote, nyekundu huwa juu, kijani hufuata, buluu huwa chini. Ukiificha leya ya juu unasoma hali ya awali, ukiirudisha unasoma hali ya sasa.

Kwenye picha yetu, shavu lilikuwa na nyekundu 132, kijani 86 na buluu 62. Baada ya kuhaririwa limekuwa 168, 118 na 92. Upande wa kivuli ulikuwa 88, 54 na 38; sasa ni 115, 74 na 55. Shingo, ambayo haikuguswa, ni 104, 66 na 47 katika leya zote mbili.

Namba hizi zinaeleza mengi kuliko jicho peke yake. Tazama buluu ya shavu. Mwanzoni ilikuwa chini ya nusu ya nyekundu, 62 kwa 132. Sasa imezidi nusu, 92 kwa 168. Uwiano wa nyekundu kwa buluu ndio unaoipa ngozi ya kahawia joto lake, na hapa umeshuka. Kwa hiyo anayekuja na kitelezi cha mwanga tu akaiinua shingo kwa kiasi kilekile cha nyekundu atapata takriban 134, 85 na 61. Mwanga utakuwa umefika, lakini shingo itakuwa ya machungwa kuliko uso, naye atashangaa kwa nini mstari bado unaonekana. Wengi hukwama hapo, wakiongeza na kupunguza mwanga saa nzima ilhali kinachokosewa ni rangi.

Ongeza leya ya Curves juu ya picha. Kwenye menyu yake ya chaneli chagua Red. Bonyeza mara moja kwenye mstari wa mshazari ili kuweka nukta, kisha kwenye Input andika 88 na kwenye Output andika 115. Weka nukta ya pili: Input 132, Output 168. Nenda Green ufanye vivyo hivyo kwa 54 kwenda 74, na 86 kwenda 118. Malizia na Blue: 38 kwenda 55, na 62 kwenda 92. Umeandika, kwa namba sita za kabla na sita za baada, jinsi programu ya simu ilivyoutendea uso. Mstari huo uliopinda ndio mabadiliko yenyewe, na sasa unaweza kuyapeleka popote.

Picha nzima itang'aa ghafla, na uso utapauka kupita kiasi kwa kuwa umepata marekebisho mara mbili. Usitishike. Bonyeza maski ya leya hiyo kisha Ctrl+I. Maski inageuka nyeusi na kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Chukua brashi laini, nyeupe, Flow ikiwa karibu 10, na uanze kupaka shingoni taratibu, ukipita mara kadhaa hadi marekebisho yafike yote. Usiweke Flow juu ukitaka kumaliza haraka, maana ukingo wa brashi utaacha alama zake.

Soma tena alama ya shingo. Inapaswa kuwa karibu na 134, 90 na 69. Linganisha na shavu: zamani nyekundu ya shingo ilikuwa kama asilimia 79 ya ile ya shavu, na sasa ni asilimia 80. Kijani na buluu navyo vimekaa karibu na uwiano wao wa mwanzo. Shingo bado ni nyeusi kuliko uso, kama inavyotakiwa, lakini sasa ni shingo ya mtu huyuhuyu, chini ya taa hiyohiyo.

Mahali panapohitaji uvumilivu zaidi ni chini ya taya. Programu ya simu haikati uso kwa wembe. Inafifisha marekebisho yake taratibu ndani ya upana mdogo unaokutana na shingo. Brashi yako ikiishia juu mno, kamba hiyo inapata sehemu ya marekebisho ya simu na marekebisho yako yote, na unaona uzi mweupe ukifuata taya. Ikiishia chini mno, unaona uzi mweusi ambao mtu anaweza kudhani ni kivuli. Kivuli cha kweli hutambulika kwa sababu kina kina: huanza kikiwa kikali karibu na kidevu na hulegea kadiri kinavyoteremka, na upande ulio mbali na taa huwa mpana zaidi. Uzi wa kosa una upana uleule kutoka sikio hadi sikio. Ukiuona, kuza picha hadi asilimia 200, punguza Flow iwe 3 au 4, na ujaze uzi huo kidogo kidogo, ukibadilisha kati ya nyeupe na nyeusi. Masikio, ngozi iliyo kando ya nywele na kisogo visisahaulike. Na kama mikono imeshika maua karibu na kifua, nayo ipakwe, la sivyo umehamisha tu mpaka kutoka shingoni kwenda kwenye vidole.

Kifua kina mambo yake. Kimeinamia nyuma kidogo, kwa hiyo hupokea taa ya juu moja kwa moja, na sehemu ya juu ya matiti na mifupa ya mabega inaweza kung'aa sawa na shavu au kulishinda. Ukikipa marekebisho yote, nukta hizo zinapauka na kupoteza umbile la ngozi. Afadhali maski ya kifua iwe ya kijivu mahali palipong'aa, marekebisho yapite nusu tu. Kisha kuna gauni. Kitambaa cha machungwa hurudisha mwanga wake kwenye ngozi iliyo jirani, na dhahabu huacha umanjano chini ya koo. Rangi hiyo ni ya haki, ilikuwepo ukumbini siku ile. Anayeifuta yote ili kifua kilingane na shavu anaiondoa picha mahali pake, na gauni linaanza kuonekana kama limewekwa baadaye. Mimi huipunguza pale tu inapovuta jicho kuliko uso. Mkufu wenyewe uondolewe kwenye maski kwa brashi ndogo nyeusi, kwa sababu dhahabu iliyopandishwa namna hii inageuka rangi ya shaba iliyooshwa.

Kuna wakati namba zote zinakubaliana lakini jicho linakataa. Mara nyingi tatizo si rangi, ni umbile. Uso umelainishwa hadi vinyweleo vimepotea, na kifua bado kina kila kijitundu na kila jasho la ukumbini. Ngozi yenye vijitundu ina vivuli vidogo vidogo vinavyoifanya ionekane nyeusi zaidi hata kama wastani wake ni ule ule. Dawa ninayoiamini ni kurudisha umbile usoni. Kwa kuwa picha ya awali iko chini, punguza Opacity ya leya iliyohaririwa iwe 70 au 75, na vinyweleo vinarudi kutoka chini. Faida yake ya pili ni kwamba uso unashuka kuelekea rangi yake halisi, na shingo haihitaji tena kupandishwa mbali. Bila shaka, ukifanya hivyo upime upya, kwa maana namba za shavu zimebadilika.

Ili kuhakiki, ongeza juu ya vyote leya ya Solid Color yenye kijivu 128, 128, 128 na uiwekee hali ya Color. Picha inakuwa ya nyeusi na nyeupe, na unaona mwanga peke yake: je, shingo inateremka kutoka usoni kwa utaratibu, au kuna ngazi? Kisha badilisha hali hiyo kuwa Luminosity. Sasa mwanga wote umesawazishwa na inabaki rangi tupu, picha ya ajabu isiyo na vivuli. Hapo uso na shingo vinapaswa kuwa na rangi zinazokaribiana sana. Ukiona uso wa waridi na shingo ya machungwa, rudi kwenye chaneli ya Blue na Green. Ukiona zimekaribiana, futa leya ya kijivu na uache kuhangaika.

Kuna hali moja ambayo njia hii haiiwezi peke yake. Mpambaji akipaka faundesheni yenye rangi nyepesi kuliko ngozi na akaishia kwenye taya, au poda ikarudisha mwanga wa flashi na kuupausha uso, tofauti ilikuwepo kabla kamera haijafika kwenye programu yoyote. Utaijua kwa kutazama picha ya awali: mstari upo tayari. Ukiipa shingo mabadiliko ya uso, umebeba kosa la meikapu kwenda nalo mbele. Katika hali hiyo mimi hushusha uso kwanza kwenye picha ya awali, nikiurudisha kuelekea rangi ya shingo na masikio, ambayo ndiyo ngozi yenyewe isiyopakwa kitu, kisha ndipo nafikiria kama kuna haja ya kung'arisha chochote. Kwa bibi harusi mwenye ngozi nyeusi, shingo yake mara nyingi ndiyo shahidi mkweli kuliko uso wake, na sioni kwa nini shahidi huyo ndiye abadilishwe.

Na kama picha ya awali imepotea? Tafuta sehemu ya kichwa ambayo programu haikuifikia: ndewe ya sikio, ngozi chini ya nywele za pembeni. Ichukulie kama uso wa kabla, ipimishe na shavu lililo karibu nayo lenye mwanga unaofanana, na uziandike namba hizo kwenye Curves. Hutapata usahihi uleule, kwa sababu sikio huwa na wekundu wa damu, hasa taa ikiwa nyuma yake. Shusha nyekundu ya Input kidogo, ujaribu, uangalie tena. Na ukishindwa kuamua, iache shingo ikiwa nyeusi kidogo kuliko unavyodhani inafaa. Shingo yenye giza kidogo hupita bila kutambuliwa, ila iliyozidi kung'aa hukamatwa mara moja.

Mipaka ya njia yote iko kwenye faili. Shingo iliyokuwa kivulini kwenye JPEG ya simu imebeba rangi chache sana. Ukiiinua mno, chembechembe nyekundu na kijani zinajitokeza, na ngozi inagawanyika katika vipande vya mraba kwa jinsi JPEG inavyobana taarifa. Vikianza kuonekana katika ukubwa wa kawaida wa picha, umefika mwisho wa kupandisha shingo, na kilichobaki ni kuushusha uso uikute. Faili la RAW linakupa nafasi kubwa zaidi, na huko kuna njia fupi: kwenye Lightroom, maski ya People inakuruhusu kuchagua Facial Skin na Body Skin kwa pamoja, ili marekebisho yako ya kwanza yaguse ngozi yote na mstari usizaliwe kabisa. Wasio na Photoshop wanaweza kutumia GIMP, ambayo ni ya bure na ina Curves zenye chaneli zilezile. Cha muhimu ni kunakili leya kwanza na kuiwekea maski nakala hiyo.

Ukimaliza picha moja, ile leya ya Curves inaweza kuburutwa kwenda kwenye picha nyingine zilizopigwa palepale, kwa taa ileile, na kuhaririwa kwa kitelezi kilekile. Namba zitafaa, maski tu ndiyo itapakwa upya, kwa sababu kichwa kimegeuka na kivuli cha kidevu kimehama. Lakini bibi harusi akitoka ukumbini kwenda kupiga picha bustanini, kwenye kivuli cha miti na mwanga wa kijani unaopita kwenye majani, zitupe namba hizo uanze kupima tena kutoka kwenye shavu.